Kengele Inapolia Katikati ya Insha

Jumatatu, kipindi cha nne, majilisi ya shule moja ya upili hapa Nakuru. Mezani kuna rundo la karatasi 48 za Kidato cha Tatu, karatasi ya insha, na kando yake simu imelazwa kifudifudi. Mwalimu amefika aya ya tatu ya mtungo wa tatu. Ameshapiga mistari miwili chini ya kosa la sarufi, ameshatia vema kwenye nahau iliyokaa vizuri, na bado hajaamua kama kazi hii ni ya kiwango cha B au cha C.

Simu inatetemeka. Dakika 25 zimekwisha.

Aache au amalize?

Swali hili limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, tangu mitihani ya muhula ilipoanza kurundikana kwenye meza za walimu wenzangu. Wengi wamejaribu kufanya kazi kwa vipindi vya kengele, na wengi wameacha baada ya siku mbili tatu. Ukiwauliza kwa nini, hawasemi kwamba dakika 25 ni chache au ni nyingi. Wanasema kengele inawakata vibaya.

Nadhani malalamiko hayo ni ya haki. Nadhani pia yana dawa.

## Kanuni inavyosema, na kazi inavyotaka

Utaratibu wenyewe, uitwao Pomodoro, unajulikana. Francesco Cirillo, Mwitaliano, aliubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika dakika 5, na baada ya raundi nne unapumzika kwa muda mrefu zaidi, kati ya dakika 15 na 30. Raundi haigawanywi. Ikikatizwa kwa jambo lisiloweza kungoja, inahesabika kuwa imeharibika na unaanza nyingine. Na kengele ikilia unaacha, hata kama unahisi umebakiza kidogo tu.

Kwa mtu anayesoma sura ya kitabu au anayeandika ripoti, kanuni hiyo ya mwisho haina shida. Anaweka kalamu, na akirudi anaanzia pale pale.

Insha haikubali hivyo. Kuisahihisha ni kutoa hukumu moja juu ya kitu kimoja. Unaposoma, unabeba kichwani mtiririko wa hoja, ubora wa msamiati, wingi wa makosa ya hijai na ya sarufi, na vyote hivyo ndivyo vinavyokuambia iwekwe katika kiwango gani: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Ukiinuka katikati, ukirudi utakumbuka makosa kwa sababu yamepigwa mstari mwekundu. Uzuri wa insha hauna alama nyingi za kalamu, na huo ndio utakaosahau. Mwanafunzi aliyeanza vyema atapata hasara kwa sababu tu kengele ililia mwalimu akiwa aya ya tatu.

Mwalimu naye, kwa kuwa anajua hivyo, anapuuza kengele na kumaliza. Akishamaliza anaona ni heri achukue moja zaidi. Kufikia hapo kengele imekuwa kelele, na mapumziko hayapo tena.

## Kengele ya dakika ya 20

Nilichokuja kukiona ni kwamba kengele inayohitajika zaidi katika kazi ya aina hii ni ile ya kabla ya mwisho.

Weka ukumbusho mdogo dakika ya 20. Sauti yake iwe tofauti, fupi na ya chini, au mtetemo mmoja. Kazi yake ni kuuliza jambo moja: insha iliyo mkononi itaisha kabla ya dakika ya 25? Na ikiisha, kuna nafasi ya nyingine?

Insha ya maneno 400, ikisomwa kwa makini na kutiwa alama, huchukua kama dakika 6. Nne zinakuwa dakika 24. Kwa hiyo katika raundi inayokwenda sawa, kengele ya dakika ya 20 inakukuta umeanza ya nne muda mfupi uliopita, na utaimaliza. Ikikukuta bado uko kwenye ya tatu kwa sababu hati haisomeki au sentensi zimevurugika, unaimaliza hiyo na huanzi ya nne. Dakika mbili tatu zinazobaki zina kazi yake: hamishia alama kwenye orodha, hakiki kwamba kila ukurasa umepigwa kalamu, pitia tena ile insha uliyoipa alama kwa kusitasita.

Kanuni ya Cirillo haijavunjwa. Yeye mwenyewe anataka mtu akimaliza jambo kabla ya kengele atumie muda uliobaki kupitia alichofanya. Kinachobadilika ni pale pa kuamua. Unaamua dakika ya 20, ukiwa na nafasi ya kuchagua, badala ya dakika ya 25 ukiwa umeshanaswa.

Ikitokea licha ya hayo yote kwamba kengele ya mwisho imekukuta ndani ya insha, maoni yangu ni haya: maliza hiyo moja, kisha uinuke. Usianze nyingine. Dakika mbili zilizozidi ni gharama ndogo kuliko alama isiyo ya haki. Ila ikitokea katika raundi mbili mfululizo, ujue makadirio yako ya dakika 6 si ya kweli kwa darasa hilo. Panga insha tatu kwa raundi.

## Hesabu ya rundo

Karatasi ya insha ina maswali manne. La kwanza ni la lazima, kisha mwanafunzi anachagua moja kati ya matatu yaliyobaki. Wanafunzi 48, insha mbili kila mmoja, jumla 96. Kwa insha nne kila raundi, hizo ni raundi 24.

Ongeza moja ya mwanzo. Raundi ya kwanza kabisa isitoe alama za kudumu: chukua karatasi nne kutoka sehemu mbalimbali za rundo, zisahihishe kwa penseli ukiwa na mwongozo wa kusahihishia, uone darasa limelielewaje swali na kiwango chako kimesimama wapi. Karatasi hizo zinarudi kwenye rundo na zitasahihishwa upya. Mwalimu akiiruka raundi hii huishia kuwaonea au kuwapendelea wale kumi wa kwanza, na hagunduzi mpaka afike katikati.

Jumla ni raundi 25 za kusahihisha. Sahihisha swali la kwanza kwa wote, halafu ndipo uanze la pili. Ukisahihisha insha zote mbili za mwanafunzi kwa pamoja, alama ya kwanza inaivuta ya pili.

Wiki ya mwalimu mwenye vipindi vingi inaweza kupangwa hivi. Jumatatu hadi Alhamisi, raundi moja katika kipindi kisicho na somo na mbili usiku, saa mbili hadi saa tatu kasoro dakika tano. Hizo ni raundi 12: moja ya majaribio na 11 za swali la kwanza, yaani insha 44. Ijumaa, raundi moja shuleni inamaliza nne zilizobaki. Jumamosi, raundi nane za swali la pili, insha 32. Jumapili hakuna kitu. Jumatatu inayofuata raundi tatu, Jumanne moja, na rundo limekwisha.

Ijumaa imeachwa nyepesi makusudi. Stima itapotea siku moja. Siku nyingine utajikuta mwalimu wa zamu, na kile kipindi chako huru hutakiona.

Baada ya raundi tatu za alama za kudumu, hesabu upya. Ukiwa umesahihisha insha 10 badala ya 12, basi 96 zitakula raundi 29 badala ya 24. Ni vizuri kujua hivyo Jumanne, wakati bado unaweza kuomba siku mbili zaidi au kuongeza raundi moja ya alasiri. Ukijua Jumatatu ya mwisho, utafidia kwa kusoma haraka haraka, na haraka hiyo itaonekana kwenye alama.

## Mapumziko marefu yanayokuja wakati usiofaa

Hapa ndipo programu nyingi za simu zinapokosea, na ndipo walimu wengi wanapokata tamaa bila kujua sababu.

Programu inahesabu raundi tu. Ikifika ya nne inatangaza mapumziko marefu. Haijui kwamba kati ya raundi ya kwanza na ya pili ulisimama darasani kwa saa tatu, ukala chakula cha mchana, ukapanda matatu hadi nyumbani na kupika.

Fuata ratiba ile ile. Jumatatu umefanya raundi tatu. Jumanne, katika kipindi chako huru, unafanya moja, na simu inatangaza: pumzika dakika 30. Kipindi ni cha dakika 40, umeshatumia zaidi ya 25, na Kidato cha Pili wanakungoja. Unaifuta arifa. Kufikia Ijumaa jioni umefanya raundi 13. Kumi na mbili zimekamilisha makundi matatu, moja imeanza la nne. Jumamosi asubuhi, siku pekee ambayo kweli unahitaji mapumziko marefu, yanaangukia baada ya raundi ya tatu, wakati akili ingali inakwenda vizuri.

Mtu akifuta arifa ya mapumziko mara mbili tatu kwa sababu imekuja ovyo, atakuwa anaifuta hata inapokuja kwa haki.

Mapumziko marefu yahesabiwe kwa kikao. Kila unapoketi upya baada ya kuwa mbali na karatasi kwa zaidi ya nusu saa hivi, rudisha hesabu kwenye sifuri. Programu nyingi zina kitufe cha kuanza upya. Kibonyeze kabla ya raundi ya kwanza ya kikao. Raundi moja ya kipindi huru haihitaji mapumziko marefu. Raundi mbili za usiku nazo hazihitaji, kwa sababu kinachofuata ni kulala. Kikao kinachoyahitaji ni cha raundi nne au zaidi mfululizo, na katika wiki hii kipo kimoja tu.

## Jumamosi asubuhi

Dakika 25 na dakika 5 zinafanya nusu saa kamili, na hilo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana. Ukianza saa mbili kamili, kila raundi itaanza saa kamili au nusu saa. Ukumbusho mdogo utaangukia dakika ya 20 na ya 50, kengele ya mwisho dakika ya 25 na ya 55. Saa ya ukutani inatosha kukuambia uko wapi, hata simu ikizimika.

Raundi ya kwanza ni saa mbili kamili hadi na dakika 25. Ya pili inaanza saa mbili na nusu, ya tatu saa tatu, ya nne saa tatu na nusu. Ya nne inakwisha saa nne kasoro dakika tano.

Saa nne ni chai.

Sidhani kuna njia bora ya kuyalinda mapumziko marefu kuliko kuyaegemeza kwenye jambo ambalo nyumba nzima inalijua. Arifa ya simu unaweza kuifuta. Chai iliyokwisha kumiminwa na mtu anayekuita mezani ni vigumu kuikataa. Kwa hiyo pangilia mwanzo wa kikao kwa kurudi nyuma kutoka chai: saa nne kasoro tano, toa saa mbili kasoro dakika tano, unapata saa mbili kamili. Nyumba inayokunywa chai saa nne na nusu, kikao kianze saa mbili na nusu.

Pumzika dakika 30, hadi saa nne na dakika 25. Dakika tano zinazobaki kabla ya saa nne na nusu usizipoteze. Chukua insha moja uliyoisahihisha katika raundi ya kwanza au ya pili, isome upya bila kutazama alama, ujiulize ungeipa ngapi sasa, kisha utazame. Ikiwa umetofautiana kwa alama moja, endelea. Ikiwa ni tatu au zaidi, soma nyingine. Kiwango chako kimehama, na ni heri kukirudisha kabla hujagusa insha mpya.

Nne za pili zinaanza saa nne na nusu na kuisha saa sita na dakika 25. Zikiisha hapo, funga. Raundi ya tisa ya kusahihisha insha katika asubuhi moja sijaona ikimsaidia mtu.

## Dakika tano ni za mwili

Kusahihisha kunachosha macho, shingo na kifundo cha mkono. Dakika tano zitumike kwa hivyo vitatu.

Simama kwanza. Weka kalamu mezani, usiishike. Nenda mahali unapoweza kutazama mbali: pendekezo la kawaida kwa macho ni kutazama kitu kilicho kama mita 6 kwa sekunde 20, kila baada ya dakika 20 za kutazama karibu. Mchana hapa Nakuru si kazi, unatoka nje na kutazama ukingo wa Menengai. Usiku ndipo watu hukosea, kwa sababu ukuta wa sebule nyingi hauko mita 6. Toka mlangoni, tazama taa za ng'ambo.

Kisha fungua na kufumba vidole, zungusha mabega, kunywa maji.

Simu isiguswe zaidi ya kuzima kengele. Kundi la wazazi la WhatsApp lina maneno ya kusoma, nayo macho yako yametoka kusoma maneno. Tena ujumbe mmoja wa mzazi anayelalamikia matokeo ya muhula uliopita unaweza kuketi nawe kwenye raundi nzima inayofuata.

Kuhusu mipangilio ya programu, kuna jambo moja ninalolisisitiza. Ruhusu mapumziko yaanze yenyewe kazi inapokwisha, lakini usiruhusu raundi ya kazi ianze yenyewe mapumziko yanapokwisha. Ikijianzisha wakati uko langoni unaongea na jirani, utakuwa na raundi kwenye hesabu ambayo haikusahihisha chochote, na makadirio yako yote yataharibika. Raundi ianzishwe kwa kidole chako, ukiwa umeketi, karatasi iko mbele yako.

Hatari ya upande wa pili ni mapumziko kurefuka. Weka kengele mbili za mwisho wa mapumziko, moja dakika ya 5 na nyingine dakika ya 7. Ya pili ikilia bado umesimama, ama rudi, ama kubali kwamba kikao kimekwisha. Vyote viwili ni sawa. Kilicho kibaya ni kukaa dakika 20 huku ukijiambia unarudi sasa hivi.

## Simu inaponyamaza

Lalamiko jingine: kengele haikulia kabisa, au ililia baada ya dakika 31.

Mara nyingi si programu kuharibika. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolazwa bila kuguswa, kioo kimezimwa na haiko kwenye chaji, inaingia usingizini ili kuokoa betri, na programu zinacheleweshwa. Simu iliyolazwa kifudifudi kando ya rundo la karatasi inatimiza masharti hayo yote. Kwa hiyo ukiijaribu programu huku unaitazama, inalia vizuri kabisa. Ukiiacha, inanyamaza.

Ingia kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo uchague `Unrestricted`. Kisha, kwenye ruhusa maalumu za programu, tafuta `Alarms & reminders` uhakikishe imewashwa. Kuanzia Android 14, programu nyingi zinazowekwa upya hazipewi ruhusa hiyo mpaka mwenye simu aiwashe mwenyewe. Angalia pia hali ya kutosumbuliwa: kwa kawaida inaruhusu kengele za saa lakini inazima arifa, na baadhi ya programu za aina hii hutumia sauti ya arifa.

Jaribio ni moja tu. Chomoa chaji, zima kioo, laza simu kifudifudi, anza raundi ya dakika 25, andika wakati kutoka saa ya ukutani, na usiiguse. Isipolia kwa wakati, iache programu hiyo.

Saa iliyokuja na simu huwa inaaminika zaidi. Katika simu nyingi unaweza kuendesha vipima muda viwili kwa pamoja, kimoja cha dakika 20 na kingine cha 25, na hapo umepata ukumbusho mdogo na kengele bila kupakua kitu. Mwenye simu ya kabambe aweke kengele za saa kwa nyakati zenyewe: 8:20, 8:25, 8:30, na kuendelea kadiri simu inavyoruhusu.

Mtetemo juu ya meza ya mbao unasikika majilisi nzima. Kunja leso, uweke simu juu yake, au itie mfukoni.

## Anayekuja mlangoni

Cirillo aligawa vikatizaji viwili: vinavyotoka ndani yako na vinavyotoka nje. Cha ndani unakitilia alama ya ritifaa, `'`, cha nje unatia kistari, `-`, kando ya kazi uliyo nayo, kisha unaendelea.

Kwa msahihishaji, cha ndani mara nyingi ni wazo la kwenda kuangalia kama neno limesanifishwa vile, au kutafuta maana ya methali aliyoitumia mwanafunzi. Tia alama, andika neno lenyewe pembeni, liangalie wakati wa kupitia. Ukifungua kamusi katikati ya kila insha, dakika 6 zinakuwa 9.

Cha nje ni mwanafunzi mlangoni akitaka kumbukumbu zake za darasani, au mwenzako anayeuliza ratiba ya uangalizi. Wengi wanaweza kungoja. Ila jibu liwe na wakati ndani yake: "Njoo saa nne na nusu, nitakuwa hapa." Ukisema "baadaye" atarudi baada ya dakika nne. Naibu wa mwalimu mkuu akikuita afisini, nenda. Raundi hiyo imeharibika, usiihesabu. Insha zilizokwisha zinahesabika, ile iliyo katikati isomwe upya tangu mwanzo.

Mwisho wa wiki tazama alama hizo. Vistari vikiwa vingi katika kipindi huru na vichache usiku, kipindi huru si mahali pa insha. Kitumie kwa maswali ya chaguo au kwa kuingiza alama, kazi ambayo ikikatizwa haiumizi mtu.

## Mkono unapobadilika

Kwenye karatasi ya kumbukumbu, andika alama za kila raundi kwa mstari wake. Tuseme raundi ya kwanza ya Jumamosi ni 12, 9, 14, 11, wastani 11.5. Raundi ya nne ni 10, 8, 9, 11, wastani 9.5.

Je, umechoka na umekuwa mkali, au karatasi zenyewe ni dhaifu?

Kwa raundi mbili huwezi kujua, kwa sababu insha nne ni chache mno. Ndiyo maana rundo lichanganywe kabla ya kuanza. Karatasi hukusanywa kwa safu za madawati, na marafiki huketi pamoja. Usipochanganya, hutaweza kutofautisha uchovu wako na safu ya nyuma.

Ukishachanganya, tazama nne za asubuhi na nne za baada ya chai kando kando. Wastani ukishuka kuelekea raundi ya nne, ukapanda baada ya mapumziko marefu, ukashuka tena kuelekea ya nane, hiyo ina sura ya uchovu. Chukua insha za raundi ya nne na ya nane, nane kwa jumla, uzisome upya Jumatatu kabla ya kuanza mpya. Hizo ni raundi mbili za ziada, na ni deni halali la mwanafunzi aliyeangukia mwisho wa kikao. Wastani ukipanda kuelekea mwisho, ni uchovu vilevile: kuna anayechoka akawa mkali na kuna anayechoka akaacha makosa yapite.

Kama hali hiyo inarudi kila unapoketi kwa raundi nne, fupisha kikao kiwe cha tatu kabla ya mapumziko marefu. Nne si amri. Kwa insha zenye hati mbaya, tatu zinatosha, na chai inaweza kuletwa saa tatu na nusu.

## Raundi ya kujumlisha

Insha zote zikiisha Jumanne, bakisha raundi moja ya kujumlisha, na isifanywe mara tu baada ya raundi ya kusahihisha. Karatasi 48 kwa sekunde 30 kila moja ni dakika 24. Katika sekunde hizo unajumlisha alama ya swali la kwanza na ya pili kupata alama juu ya 40, unaandika juu ya karatasi, unaandika kwenye orodha, unalinganisha.

Makosa ya kutafuta ni machache na yanajulikana: 13 iliyoandikwa 31, jina lililoruka mstari mmoja kwenye orodha kiasi kwamba wote wanaofuata wamepata alama ya jirani, na mwanafunzi ambaye swali lake la pili liko kwenye karatasi ya ziada iliyobanduka. Ukikuta jumla isiyozidi 20 kwa mtu ambaye swali lake la kwanza lilikuwa na alama nzuri, simama hapo. Itafute ile karatasi ya pili kabla hujaandika.